Taa inazima huku betri ina chaji: kutafuta tatizo kwenye volti ya kukatia

Kuanzia Juni hadi Agosti, tatizo linaloletwa zaidi kwenye meza yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ni la taa za kichwa. Taa imechajiwa usiku kucha, mtu anaivaa alfajiri kwenda zizini, na baada ya muda mfupi inazima ghafla bila hata kufifia. Akirudi jikoni, akakaa karibu na moto, akabonyeza swichi, taa inawaka kama kawaida. Wengi wanaamua hapo hapo kwamba betri ni feki na wananunua nyingine. Nyingine nayo inafanya vilevile, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye kiasi cha chaji kilichomo ndani ya seli. Lilikuwa kwenye volti ambayo taa imepangiwa kujizima.

Mwongozo huu ni wa vifaa vyenye seli moja ya lithiamu ya 18650: taa za kichwa, tochi, redio ndogo, pampu ndogo za maji. Nimechagua taa ya mkamuaji mmoja wa Makete kama mfano, kwa sababu ndani yake karibu mambo yote ya somo hili yamekutana.

Anza na kipimo kimoja

Kabla ya kufungua chochote, washa taa mpaka ijizime yenyewe katika mazingira yale yale inayolalamikiwa. Itoe seli, iache itulie kama nusu saa, kisha pima volti zake kwa mita bila kuunganisha kitu kingine. Namba hiyo itakuambia njia ya kufuata.

Ukikuta 3.2 hadi 3.4 V, seli imetoa karibu kila ilichokuwa nacho. Kama muda wa kuwaka ni mfupi, basi seli imechoka au uwezo ulioandikwa juu yake ni wa uongo. Ukikuta kati ya 3.6 na 3.8 V, seli bado ina chaji nyingi na taa imeizima mapema. Ukikuta chini ya 2.5 V, taa haina mahali pa kukatia, au pale ilipopangiwa ni chini mno, na hilo ni tatizo la kinyume kabisa.

Mama wa Makete aliponiletea taa yake tulisalimiana, akaiweka mezani. "Mwanangu, hii inajaa chaji vizuri, taa ya kijani inawaka. Lakini nje inanikatikia kabla sijamaliza ng'ombe wa pili."

"Ikizima, mama, ukiigusa betri ni ya baridi?"

"Kama jiwe la mtoni."

Alikuwa amefunga seli nyingine ndani ya kitambaa, ile aliyoitoa asubuhi ileile baada ya taa kuzima, na hakuwa ameichaji. Niliipima: 3.74 V. Hapo nilijua naenda njia ya pili.

Dalili ya kwanza: inazima ghafla, seli ikitulia inasoma 3.6 hadi 3.8 V

Seli ya lithiamu ya jamii ya NMC, ambayo hupatikana kwenye betri za laptop zilizofunguliwa, ikijaa ina 4.2 V. Volti zake hazishuki kwa mwendo mmoja mpaka mwisho. Ni kama gari linalotoka Iringa kwenda Dar es Salaam: linatembea mwendo mrefu juu ya uwanda, na likifika Kitonga linaporomoka kwa kilometa chache tu. Sehemu kubwa ya chaji hutoka volti zikiwa kati ya 4.0 na 3.5. Ukifika karibu na 3.4 V, kilichobaki ni kidogo, na kutoka hapo mpaka 2.8 V volti huanguka haraka bila kutoa chaji ya maana.

Kwenye seli ya mama huyu, nikiichaji na kuitoa taratibu, nilipata picha hii ya volti za kutulia: ikiwa na 3.74 V bado ina asilimia 55 hivi, kwenye 3.52 V ina asilimia 20, kwenye 3.44 V ina asilimia 14, na kwenye 3.1 V ina asilimia 2 tu. Kipimo changu cha uwezo, kinachotoa chaji kwa 0.5 A na kukata kwenye 2.8 V, kilisoma 2,150 mAh. Seli iliandikwa 2,600 mAh, lakini imetoka kwenye laptop iliyotumika, kwa hiyo 2,150 si mbaya. Kwa mwanga mkali taa inakula 1.5 A, hivyo ilitakiwa kuwaka saa moja na dakika 25. Yeye anapata kama dakika 40.

Jambo la kuelewa hapa ni kwamba saketi ya taa haioni volti ya seli iliyotulia. Inaona volti iliyobaki baada ya mkondo kupita kwenye ukinzani wa ndani ya seli, kwenye springi na kwenye waya. Kadiri mkondo na ukinzani vinavyokuwa vikubwa, ndivyo volti inayofika kwenye saketi inavyokuwa chini ya ile ya kweli. Saketi ikiona namba yake ya kukatia, inazima, hata kama seli ina nusu ya chaji.

Kupima upungufu huo unahitaji mita na rezista ya omu 2.2 yenye wati 10. Usitumie ndogo ya robo wati, itaungua mkononi. Weka seli ndani ya kishikio cha taa, pima volti pale waya za kishikio zinapoingia kwenye saketi, kisha unganisha rezista hapo hapo, hesabu sekunde kumi na usome tena. Mimi nilipata 3.72 V bila mzigo na 3.49 V na mzigo. Upungufu ni 0.23 V. Mkondo uliopita ni 3.49 gawanya kwa 2.2, yaani karibu 1.6 A, kwa hiyo ukinzani wote ni omu 0.15 hivi. Nilirudia nikigusa ncha za seli yenyewe badala ya waya za kishikio, nikaona kwamba omu 0.11 ni za seli na 0.04 ni za springi na maungio.

Hiyo ilikuwa mchana, ndani ya duka. Zizi la Makete alfajiri ya Julai si duka langu, na huko juu kuelekea Kitulo baridi hufika hadi kuganda kwa umande. Niliilaza taa na seli ndani ya friji la jirani anayeuza maziwa, kwenye nyuzijoto 4, kisha nikapima tena haraka kabla haijapata joto. Bila mzigo ilisoma 3.72 V ileile. Nilipounganisha rezista, ilishuka mpaka 3.28 V. Ukinzani ulikuwa umepanda kutoka omu 0.15 hadi karibu 0.3. Chaji haikuwa imepotea. Ndani ya seli, ayoni za lithiamu husafiri kwenye kimiminika ambacho baridi hukifanya kizito, na mwendo wao kuingia kwenye elektrodi nao hupungua, basi seli inakuwa ngumu kutoa mkondo.

Kilichobaki ilikuwa kujua taa inakata wapi. Nilitoa seli, nikaunganisha pawasaplai ya kurekebisha, nikaanza na 4.0 V na kushuka polepole. Taa ilizima kwenye 3.3 V.

Sasa hesabu inakaa sawa. Kwa mkondo wa 1.5 A kwenye baridi, upungufu ni 0.44 V. Taa inazima ikiona 3.3 V, wakati seli yenyewe iko kwenye 3.74 V na bado ina asilimia 55. Imetoa asilimia 45 tu ya 2,150 mAh, yaani kama 970 mAh, na kwa 1.5 A hizo ni dakika 39. Ndizo dakika za malalamiko. Na seli ile ya kwenye kitambaa ilisoma 3.74 V.

Kwa nini jikoni inawaka tena

Mzigo ukitoka, volti hupanda mara moja kwa kile kiasi kilichokuwa kinapotea kwenye ukinzani, kisha zinaendelea kupanda polepole kwa dakika kadhaa chaji inapojisawazisha ndani. Seli ikipata joto, ukinzani unapungua, na upungufu wa 0.44 V unarudi kwenye 0.22 V. Taa ikiwashwa inaona 3.52 V, iko mbali na 3.3, basi inawaka. Mtu akikuambia "ikikaa kidogo inapona", usitafute waya uliolegea kwanza. Tafuta volti ya kukatia iliyo juu mno kwa mzigo ule.

Kushusha volti ya kukatia: inaleta nini hasa

Hapa ndipo mafundi wengi wanatofautiana, na wote wanaweza kuwa na vipimo sahihi. Mmoja atakuambia kukatia 3.3 V au 3.0 V hakuna tofauti kubwa. Mwingine atasema ameongeza muda wa taa karibu mara mbili. Wanapima mizigo tofauti.

Chukua seli hii hii. Kwenye kipimo changu, kwa 0.5 A na joto la duka, upungufu ni chini ya 0.08 V. Ukikata kwenye 3.3 V, seli iko karibu 3.38 V ikitulia, imebaki na asilimia 9 hivi. Ukikata kwenye 3.0 V, imebaki na asilimia 2. Volti 0.3 zimekuletea asilimia 7, kama 150 mAh. Ni kidogo, kwa sababu zote mbili ziko chini, kwenye ule mteremko.

Sasa rudi zizini kwa 1.5 A na baridi. Ukikata kwenye 3.3 V, seli iko 3.74 V, imebaki na asilimia 55. Ukikata kwenye 3.0 V, seli iko 3.44 V, imebaki na asilimia 14. Volti 0.3 zilezile zimekuletea asilimia 41, karibu 880 mAh. Mkato wa 3.3 V uliangukia kwenye uwanda, pale ambapo sehemu ndogo ya volti hubeba chaji nyingi.

Kwa hiyo ukiulizwa volti ya kukatia inabadilisha uwezo kiasi gani, usijibu kabla ya kujua mkondo, ukinzani na joto. Jumlisha upungufu wako kwenye volti ya kukatia, kisha tazama namba hiyo inaangukia wapi kwenye mstari wa seli yako. Ikiwa chini ya 3.4 V, umepoteza kidogo. Ikiwa juu ya 3.6 V, unaacha chaji nyingi ndani.

Kwenye taa hii, bahati nzuri, mkato uliamuliwa na rezista mbili zinazogawa volti kuelekea chipu ya jamii ya TL431, ambayo inalinganisha na 2.495 V:

```
V_kukatia = 2.495 x (1 + R1/R2)
R1 = 3.3k, R2 = 10k  ->  3.32 V
R1 = 2.0k, R2 = 10k  ->  2.99 V
```

Nilitoa R1 ya 3.3k nikaweka ya 2k. Taa nyingi za bei ndogo hazina rezista hizi. Mkato uko ndani ya chipu na huwezi kuugusa. Hapo unabadilisha saketi nzima, au unapunguza upungufu wenyewe.

Na upungufu ungepunguzwa hata kama mkato ungebaki palepale. Springi ya chuma ya kishikio niliipitishia waya mnene wa shaba, nikauchomea risasi chini na juu ili mkondo usipite kwenye springi. Omu 0.04 zikawa 0.01. Kwa 1.5 A hiyo ni 0.045 V peke yake, lakini kwa kuwa tulikuwa kwenye uwanda, ingekuwa na thamani ya asilimia 6, kama dakika tano za mwanga. Kwa mama anayemalizia ndoo, dakika tano ni kitu.

Njia isiyohitaji fundi ni mbili. Moja, tumia mwanga wa kati: kwa 0.5 A upungufu wa baridi unakuwa 0.15 V tu, na hata mkato wa 3.3 V unaacha kama asilimia 14 badala ya 55. Mbili, weka seli ndani ya nguo, karibu na mwili, na uipachike wakati wa kutoka nje. Inapofanya kazi hupata joto lake kidogo, basi ikianza na joto inalishikilia kwa muda.

Baada ya kushusha mkato hadi 3.0 V, tarajia tabia mpya: dakika za mwisho taa inafifia. LED nyeupe inahitaji karibu 3 V ili kuwaka vizuri, na volti zikikaribia hapo mwanga hupungua taratibu. Mwambie mteja mapema ili asidhani umeiharibu. Kwangu mimi ni heri mwanga unaofifia na kutoa onyo kuliko giza la ghafla nyuma ya miguu ya ng'ombe.

Dalili ya pili: inazima na kuwaka, inazima na kuwaka

Huyu ni ndugu wa dalili ya kwanza. Saketi imekata, mzigo umetoka, volti zimepanda, saketi imeona zimetosha na kuwasha tena, mzigo umezishusha, imekata tena. Pengo kati ya volti ya kukatia na ya kurudishia ni dogo kuliko upungufu wa volti. Chipu ya ulinzi ya DW01, kwa mfano, inakata karibu na 2.4 V na hairudishi mpaka seli ifike karibu 3.0 V, kwa hiyo ina pengo la 0.6 V. Taa yako ikikata 3.3 V na kurudisha 3.4 V, wakati upungufu ni 0.44 V, lazima itapepesa. Ukiweza kupanua pengo, lipite upungufu mkubwa kabisa unaoutarajia kwenye baridi. Usipoweza, punguza ukinzani kama nilivyoeleza.

Dalili ya tatu: taa inawaka muda mrefu sana, lakini seli zinakufa haraka

Mtu akishaona faida ya kushusha mkato, anataka kushusha zaidi. Aliyeniletea tochi ya ulinzi kutoka Mafinga alikuwa ameondoa kabisa sehemu ya kukatia akitegemea bodi ya ulinzi yenye DW01. Seli zake zilikuwa zinasoma chini ya 2 V kila zinapokaa wiki mbili.

Bodi ya ulinzi ni kwa ajili ya ajali. Mkato wa kazi za kila siku unatakiwa uwe juu yake. Kutoka 3.0 V kwenda 2.5 V kwa mzigo mdogo unapata asilimia mbili tatu tu, lakini unaiacha seli bila akiba. Saketi ya taa ile ya Makete, ikiwa imejizima lakini swichi iko ON, inaendelea kunyonya karibu 0.4 mA, ambayo ni kama 10 mAh kwa siku. Seli iliyobaki na asilimia 14, yaani 300 mAh, itavumilia mwezi mzima. Iliyobaki na asilimia 2, yaani 43 mAh, haifiki hata siku tano kabla ya kwenda chini ya kiwango.

Seli ikizama na kukaa chini ya 2 V hivi, shaba iliyo upande wa hasi huanza kuyeyuka ndani ya kimiminika. Ukiichaji tena, shaba hiyo hurudi kujenga mahali pasipo pake, na inaweza kuunganisha pande mbili za seli kwa ndani. Seli ya namna hiyo siifufui kwa ajili ya mteja yeyote. Utaitambua kwa kuwa inapata joto ikichajiwa, au ukiijaza na kuiacha siku chache volti zinashuka bila kutumika.

Kwa taa ya seli moja ya NMC inayotumika kwenye baridi yetu ya nyanda za juu, kwa mkondo wa 1 hadi 2 A, mimi naweka 3.0 V. Kwa redio inayokula chini ya 0.2 A naacha 3.2 hata 3.3 V, kwa sababu kushusha hakuleti kitu na akiba inalinda seli inayosahaulika kabatini.

Dalili ya nne: seli mpya, imejaa, inazima ndani ya dakika chache

Soma maandishi kwenye ganda. Ukikuta 3.2 V badala ya 3.6 au 3.7 V, hiyo ni LFP, seli ya lithiamu ya jamii nyingine, si NMC. Umbo ni lile lile la 18650 lakini uwanda wake uko kati ya 3.2 na 3.3 V, karibu bapa kabisa. Ukiipachika kwenye taa inayokata 3.3 V, mkato umekaa juu ya uwanda wote: inatoa chaji kidogo ya juu kisha inazima. Hata mkato wa 3.0 V hauitoshi, maana kwenye baridi upungufu wa 0.3 V unatosha kuugusa. LFP inataka kukatiwa 2.5 V hivi, na LED nyeupe itakuwa imefifia kabla.

Usijaribu kuirekebisha kwa kuichaji zaidi. Chaja ya kawaida yenye chipu ya TP4056 inapeleka seli hadi 4.2 V, wakati LFP inatakiwa kuishia 3.65 V. Itoe kwenye chaja hiyo, mrudishie mteja, na umwambie iende kwenye kifaa kilichotengenezwa kwa ajili yake.